Kukarabati bimu iliyopasuliwa na kutu ya nondo katika nyumba za pwani

Katika nyumba za zege zilizo karibu na bahari, kuanzia Mtwara hadi Lamu, kuna kasoro inayojitokeza kwa mtindo uleule. Ufa mrefu huonekana chini ya bimu ukifuata mstari wa nondo, doa la kahawia hujitokeza juu ya rangi, kisha siku moja kipande cha zege huanguka na nondo hubaki wazi. Fundi anayeitwa mara nyingi hukwangua kidogo, husugua kwa brashi ya waya upande ule unaoonekana, hukandika plasta ya saruji na mchanga, halafu hupaka rangi. Kiraka hicho hupendeza kwa msimu mmoja au miwili tu, kisha hubanduka kizima, na nondo hukutwa imeliwa kuliko mwanzo. Lawama hutupiwa plasta, lakini kisa kikubwa kiko nyuma ya nondo, mahali ambapo tindo haikufika.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo katika bimu moja ya mfano: bimu ya baraza la nyumba ya ghorofa moja mjini Tanga, yenye upana wa milimita 200 na urefu wa mita 3 kati ya nguzo na nguzo. Chini ina nondo mbili za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi za milimita 8, na kava, yaani zege linalofunika ringi hizo, ni milimita 15 tu. Katikati ya bimu, kipande chenye urefu wa karibu sentimita 50 kimeanguka.

Kwa nini kutu hupasua zege

Saruji iliyogandamana huifanya zege kuwa na alkali kali, yenye pH ya karibu 12.5 hadi 13, na ndani ya alkali hiyo chuma hujivika utando mwembamba sana unaokilinda kisishike kutu. Utando huo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kaboni dayoksaidi ya hewani, ambayo hupenya zege polepole na kupunguza alkali, hadi pH inaposhuka chini ya 9 na utando kupotea. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa kwetu pwani, ni kloridi ya chumvi: hii hutoboa utando hata pale alkali ingali kali, na badala ya kula nondo nzima kwa usawa, huchimba vishimo vyenye kina. Kutu inayozaliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kuanzia mara 2 hadi mara 6, na kwa kuwa haina pa kwenda, husukuma kava hadi ipasuke.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Zege lililopoteza alkali likiondolewa na kujazwa mota mpya yenye saruji, nondo hurudi katika mazingira salama. Lakini chumvi ikiachwa ndani ya vishimo vya nondo, au katika zege linalogusa mgongo wake, itaendelea na kazi yake chini ya kiraka kipya.

Kuegemeza na kugonga

Kabla ya kugusa tindo, bimu iegemezwe. Nondo za chini ndizo zinazobeba mvuto wa bimu, na katikati, palepale ilipoharibika, mvuto huo ni mkubwa zaidi. Panga safu mbili za jeki za chuma, au mirunda imara, chini ya slabu, upande huu na upande ule wa bimu, ili mzigo wa slabu uondoke juu ya bimu na sehemu ya chini ibaki huru kwa kazi. Jeki zisimame juu ya mbao pana kwenye ardhi iliyoshindiliwa, na zikazwe mpaka ziguse slabu vizuri tu. Ukizikaza kwa nguvu ya kuinua, utaleta nyufa mpya upande wa juu.

Ikiwa kinachoharibika ni kibaraza kinachoning'inia bila nguzo mbele, usiendelee kwa mwongozo huu. Nondo kuu za kibaraza cha aina hiyo ziko juu, chini ya sakafu, na kilichoanguka chini ni dalili tu. Hapo anahitajika mhandisi kabla ya fundi.

Bimu ikishaegemezwa, igonge yote kwa nyundo ndogo, kutoka nguzo hadi nguzo, chini na pembeni. Zege zima hutoa mlio mkali na nyundo hudunda mkononi. Zege lililoachana na nondo hutoa mlio mzito wa uwazi. Zungushia chaki kila palipo na uwazi. Katika bimu yetu ya mfano, kipande kilichoanguka ni cha sentimita 50, lakini mlio wa uwazi unafika sentimita 80. Si jambo la ajabu, na ndiyo maana bei ya kazi haifai kukubaliwa kwa kutazama kwa macho kutokea chini.

Kujua chumvi imetoka wapi

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Megua kipande kipya cha zege hadi kwenye nondo, pangusa vumbi, kisha pulizia maji ya fenolifthalini, yaani myeyusho wa asilimia 1 katika spiriti ambao huuzwa na wenye maduka ya kemikali za maabara. Zege lenye alkali hugeuka pinki iliyokolea, na lililopoteza alkali hubaki na rangi yake. Ukiona pinki hadi kwenye nondo huku nondo ina kutu nyeusi yenye vishimo, mhusika ni chumvi.

Kipimo cha pili ni cha maabara, na kwa nyumba ya kuishi watu ninashauri kisiachwe. Toboa kwa drili na ukusanye unga wa zege katika mifuko tofauti: kutoka juu hadi milimita 20, kutoka 20 hadi 40, na kutoka 40 hadi 60. Maabara ya vifaa vya ujenzi itapima kloridi katika kila mfuko. Kiwango kinachotumiwa kwa kawaida kama mpaka wa hatari kwa nondo za kawaida ni karibu asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Kloridi ikiwa nyingi nje na ikapungua kwa kadiri unavyoingia ndani, imeletwa na upepo wa bahari, na kiraka kizuri pamoja na rangi ya kinga vinaweza kuipa bimu miaka mingi. Ikiwa ni ileile kutoka nje hadi ndani, basi iliwekwa siku ya kumwaga zege, kwa kutumia mchanga wa ufukweni au maji ya chumvi. Hapo kiraka kitatibu jeraha moja tu katika mwili wenye ugonjwa mzima, na mwenye nyumba anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha.

Kubomoa hadi nyuma ya nondo

Anza kwa kukata mpaka wa kiraka kwa grinda yenye kisu cha almasi, mistari iliyonyooka, kina cha milimita 10. Kabla ya kukata, hakikisha kava ina unene gani, kwa sababu katika bimu yenye kava ya milimita 15 kisu kikizidi kidogo hukata ringi. Ukingo huo uliosimama wima ndio unaoiwezesha mota kuwa na unene wa kutosha hata pembeni. Kiraka kinachoishia kwa ukingo mwembamba kama ukucha hukauka haraka, hujikunja, na huanza kubanduka kuanzia hapo.

Ndani ya mpaka, bomoa kwa tindo au nyundo ndogo ya umeme. Nyundo kubwa za kuvunjia barabara hazifai hapa, kwani hupasua zege zima lililobaki na kuitetemesha nondo ndani ya sehemu ambayo haijaharibika. Endelea mpaka nondo ielee hewani, ukiacha nafasi ya angalau milimita 20 kati ya mgongo wa nondo na zege la ndani. Kipimo cha vidole kinatosha: ncha ya kidole cha shahada ipite nyuma ya nondo bila kukwama. Nafasi hiyo huondoa zege lenye chumvi linalogusa nondo, huruhusu brashi kuzunguka pande zote, na huipa mota mpya njia ya kuishika nondo kwa nyuma, ili kiraka kisitegemee gundi peke yake.

Fuata nondo kwa urefu pia. Usisimame pale mlio wa uwazi unapoishia. Endelea hadi utakapokuta chuma kisicho na kutu, kisha ongeza milimita 50. Ringi nazo zifuatwe zinapopanda ubavuni. Mfanyakazi avae miwani na barakoa ya vumbi inayobana vizuri, maana vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii.

Kusafisha nondo

Hapa ndipo kazi nyingi hushindwa. Brashi ya waya ya mkono huing'arisha kutu badala ya kuitoa: nondo hupata rangi ya kahawia inayometameta, fundi huridhika, na vishimo hubaki vimejaa. Njia bora ni kupuliza mchanga mkavu wa kusafishia kwa kompresa hadi chuma kionekane kijivu kisichong'aa pande zote. Mchanga huo usiwe wa ufukweni, na kwa sababu ya silika ni bora kutumia changarawe ya viwandani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Maji ya shinikizo kubwa yaliyochanganywa na mchanga wa aina hiyo ni bora zaidi palipo na chumvi, kwa kuwa yanaosha huku yanakwangua.

Penye bimu moja tu, na kompresa ikiwa ghali, tumia brashi ya waya ya kufunga kwenye drili au grinda ndogo, ikifuatiwa na patasi nyembamba na kipande cha msasa mgumu kinachopitishwa nyuma ya nondo na kuvutwa huku na huku kwa mikono miwili. Kisha chukua kioo kidogo cha mkononi, kiweke nyuma ya nondo, na mulika kwa tochi. Mgongo wa nondo ambao haujaonekana kwa kioo uhesabiwe kuwa haujasafishwa.

Baada ya hapo, osha nondo na zege kwa maji safi ya bomba, mara kadhaa, ukisugua vishimo kwa brashi. Usitumie maji ya kisima cha pwani bila kujua chumvi yake. Acha usiku mmoja, urudi asubuhi. Nondo nzima itakuwa na utando mwepesi wa rangi ya chungwa, na huo si tatizo. Unatolewa kwa brashi siku ya kujaza. Tazama vishimo: penye chumvi iliyobaki utaona vitone vyeusi vyenye unyevu, kana kwamba chuma kimetoka jasho, kwa sababu chumvi za chuma hunyonya unyevu wa hewa. Vitone hivyo vikionekana, kazi ya kusafisha irudiwe pale vilipo, mpaka asubuhi moja visionekane.

Dawa za kugeuza kutu, zile zinazopakwa na kuifanya iwe nyeusi, hazichukui nafasi ya hatua hii. Hugeuza tabaka la juu la kutu na kuiacha kloridi iliyo chini yake.

Kupima kilichobaki

Nondo ikiwa safi, pima kipenyo chake kwa kalipa mahali palipoliwa zaidi. Katika bimu yetu, moja ya nondo za milimita 12 imebaki na milimita 10.5 kwenye sehemu yenye urefu wa sentimita 10. Upungufu wa milimita moja na nusu unaonekana mdogo, lakini nguvu ya nondo hutokana na eneo la mkato wake, si kipenyo. Gawa 10.5 kwa 12, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata karibu 0.77, nondo imepoteza asilimia 23 ya nguvu yake.

Upungufu wa zaidi ya asilimia 10 katika nondo kuu unatosha kumwita mhandisi aamue, na huu wa asilimia 23 katikati ya bimu kwa kawaida utahitaji nondo ya nyongeza. Nondo hiyo hulazwa kando ya ile iliyoliwa na kupishana nayo sehemu zilizo nzima, kila upande kwa urefu ambao mara nyingi huchukuliwa kuwa kipenyo mara 40, yaani milimita 480. Ukijumlisha 480, 100 na 480 unapata milimita 1,060, kwa hiyo sehemu ya kubomoa inakua tena, safari hii hadi mita 1.2. Kuikata nondo ya nyongeza ili itoshe shimo lililopo ni kujidanganya, kwani nondo fupi haina pa kushika mzigo.

Kuchagua mota

Mawazo ya wengi ni kwamba mota yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Kwa kiraka si hivyo. Zege la bimu ya zamani huenda likawa na nguvu ya megapaskali 20 au pungufu. Mota ya saruji nyingi sana, kwa mfano saruji moja kwa mchanga mmoja, husinyaa sana inapokauka na kulivuta zege dhaifu lililo nyuma yake hadi liachane nayo. Mota ya ipoksi ina shida nyingine: hupanuka kwa joto kuliko zege, na hairudishi alkali ya saruji kuzunguka nondo. Kinachotafutwa ni mota inayofanana na zege la zamani kwa ugumu, inayosinyaa kidogo, inayoshika vizuri, isiyo na kloridi, na inayozuia maji.

Mota za viwandani za kukarabatia zege, zile za saruji zilizochanganywa na polima na nyuzi, huandikwa madaraja ya kiwango cha Ulaya cha EN 1504-3 kwenye mfuko. R1 na R2 ni za kuziba tu, mahali pasipobeba mzigo. R3 ina nguvu ya megapaskali 25 au zaidi, na R4 megapaskali 45 au zaidi. Kwa bimu yetu R3 inafaa zaidi. R4 nitaichagua pale zege lenyewe ni imara au mhandisi anapoidai. Soma pia kama mfuko unaruhusu kazi ya juu ya kichwa, na unene wa juu kwa tabaka moja.

Mota ya viwandani ikikosekana, mota ya kuchanganya mwenyewe inaweza kutumika kwa kiraka kidogo kisichobeba mzigo: saruji 1 kwa mchanga wa mtoni uliooshwa 3, maji machache, pamoja na lateksi ya SBR kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Kwa nondo kuu za bimu siishauri.

Kiasi kinahesabika kirahisi. Kina ni kava ya 15, ringi 8, nondo 12 na nafasi ya nyuma 20, jumla milimita 55. Kava ya 15 ndiyo iliyotufikisha hapa, kwa hiyo tuishushe bimu milimita 15 zaidi, na kina kiwe 70. Mita 1.2 mara 0.2 mara 0.07 ni lita 16.8. Mfuko wa kilo 25 hutoa karibu lita 12 hadi 13, hivyo mifuko miwili inatosha kwa chini ya bimu pamoja na inayopotea, na wa tatu uwepo kwa ajili ya ubavuni palipofuatwa ringi.

Kujaza

Siku moja kabla, lowesha zege la zamani mara kwa mara. Wakati wa kujaza liwe na unyevu ndani lakini uso wake usiwe na maji yanayong'aa. Zege kavu hunyonya maji ya mota, na lenye maji juu huizuia kushika. Toa utando wa chungwa kwenye nondo. Kama mota uliyochagua inakuja na rangi yake ya kinga ya nondo, paka nondo yote, na mgongo wake pia, ukikagua tena kwa kioo.

Changanya mfuko mzima kwa maji yaliyopimwa kama mfuko unavyoagiza, kwa drili ya mwendo wa pole yenye kichanganyio. Maji ya kuongeza baadaye ili mota ilainike huiharibu. Kwanza sugua mota nyepesi kwa brashi ngumu ndani ya zege lote na nyuma ya nondo, kisha, ikiwa bado mbichi, anza kusukuma mota yenyewe kwa mkono wenye glavu, kuanzia nyuma ya nondo, hadi uione ikitokea upande wa pili. Tabaka hilo la kusugua likikauka kabla ya mota kufuata, linakuwa kizuizi, na lazima likwanguliwe. Kwa kina cha milimita 70 juu ya kichwa weka tabaka tatu, kila moja ikikwaruzwa ikiwa bado laini na kuachwa ishike kabla ya inayofuata. Mota ikianza kulegea na kuning'inia, usiisukume irudi. Itoe, upunguze unene. Kina kikizidi milimita 100, au nondo zikiwa nyingi na zimebanana, funga fomu na utumie zege laini la kumimina la kiwandani.

Baada ya kujaza

Jua na upepo wa pwani ndio adui wa saa za mwanzo. Mara mota inaposhika, funika kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake, na yabaki na unyevu kwa siku 7. Jeki zibaki hadi mota ifikie nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, na kwa bimu yenye nondo ya nyongeza ni salama kusubiri siku 28, au mhandisi aseme vinginevyo.

Siku hiyo igonge tena bimu yote. Mlio wa uwazi ndani ya kiraka maana yake hakijashika, na ufa mwembamba unaozunguka mpaka maana yake kimesinyaa. Vyote viwili vinahitaji kubomolewa. Kisha paka bimu nzima, si kiraka pekee, rangi ya nje inayozuia maji na chumvi huku ikiruhusu mvuke kutoka.

Kila mwaka gonga zege la zamani linalopakana na kiraka, umbali wa sentimita 30 kila upande. Nondo iliyokuwa ikioza ilikuwa inawakinga jirani zake kwa kujitoa yenyewe. Ikishasafishwa, sehemu ya jirani yenye chumvi inaweza kuanza kuoza kwa zamu yake. Pale vipimo vya maabara vilipoonyesha kloridi nyingi, mhandisi anaweza kuagiza vipande vya zinki vifungwe kwenye nondo kuzunguka ukingo wa shimo kabla ya kujaza, ili zinki ndiyo iliwe. Hufungwa kwa waya juu ya chuma kitupu kisichopakwa kitu, na kwa kazi ya namna hiyo mota yenye saruji ni lazima, kwa kuwa ipoksi hukata njia ya umeme ambayo zinki inaihitaji.